Mtu Aliyetoka Ghalani: Kufasiri "Yeye" Asiyejulikana Jinsia Katika Maelezo ya Shahidi

Kisa hiki kinahusu maelezo ya mlinzi wa usiku katika kesi ya madai iliyofunguliwa Mahakama Kuu nchini Kenya, baada ya ghala la mbao kuungua. Nililetewa jalada nikiwa mhakiki, baada ya tafsiri ya kwanza kukwisha kuwasilishwa. Mahali, bidhaa na jina moja nimevibadilisha ili wahusika wasitambulike, lakini sentensi nimeziacha katika muundo wake, kwa sababu tatizo lote limo humo. Mlinzi alisema hivi:

> Majira ya saa nane usiku nilisikia mlango wa nyuma ukipigapiga kwa upepo, nikatoka kuangalia. Nikamwona mtu anatoka ghalani amebeba dumu. Nikamuuliza, "Nani wewe?" Yeye hakujibu, akanipita haraka kuelekea barabarani. Mwenzake alikuwa anamsubiri kwenye pikipiki. Yeye ndiye aliyenimulika usoni kwa tochi, sikuweza kuwaona vizuri.

Tafsiri ya kwanza ya Kiingereza ilisomeka hivi:

> At about 2 a.m. I heard the back door banging in the wind and went out to look. I saw a man coming out of the store carrying a jerrican. I asked him, "Who are you?" He did not answer and hurried past me towards the road. His friend was waiting for him on a motorcycle. He is the one who shone a torch in my face, so I could not see them clearly.

Ni Kiingereza kizuri. Saa nane imegeuzwa sawasawa kuwa saa mbili ya saa za Kizungu, na dumu limepata neno lake. Mtu akiisoma bila kuwa na maelezo ya asili mkononi hatashtuka. Lakini mdaiwa katika kesi hii alikuwa mwanamke, aliyewahi kuwa mtunza stoo wa ghala hilo. Wakili wake alipopata tafsiri hiyo alijibu kwa hati fupi: shahidi pekee wa mdai anasema aliyetoka ghalani ni mwanamume, kwa hiyo mteja wangu hahusiki. Wakili wa mdai akarudi kwenye karatasi ya Kiswahili, akaisoma mara ya pili, na hakuona mahali mlinzi alipotaja mwanamume. Hapo ndipo jalada lilipokuja kwangu.

Inafaa kueleza kwanza kwa nini kulikuwa na tafsiri yoyote katika kesi ambayo karibu kila mtu chumbani anajua Kiswahili. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai ya Kenya, kifungu cha 86, inasema lugha ya Mahakama Kuu na ya Mahakama ya Rufani ni Kiingereza. Mahakama za chini zinaruhusiwa Kiingereza au Kiswahili. Jaji anaweza kuwa anaota kwa Kiswahili, lakini kinachobaki kwenye kumbukumbu ni Kiingereza, na kesi ikienda rufani, majaji wa juu watasoma kumbukumbu hizo. Hawatamsikia mlinzi. Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, jambo lililopunguza sana aina hii ya taabu upande huo. Kenya taabu hiyo bado ipo.

Sasa tutazame mfasiri alifanya nini. Katika Kiswahili cha mlinzi, mtu yule anatajwa mara nyingi lakini hatajwi jinsia hata mara moja. Yupo kwenye kiambishi cha mtenda katika "hakujibu" na "akanipita", yupo kwenye kiambishi cha mtendwa katika "nikamwona", "nikamuuliza" na "anamsubiri", na yupo kwenye "-ake" ya "mwenzake". Vyote hivyo vinasema jambo moja tu: ni mtu, naye ni mmoja. Kiingereza hakina njia ya kumtaja mtu kwa wepisi huo bila ama kumpa jinsia ama kubadilisha sentensi. Mfasiri akachagua "he", na pengine hakujua kwamba amechagua. Saa nane usiku, dumu, pikipiki, mbio: picha ya mwanamume ilijijenga yenyewe kichwani, na viwakilishi vikaifuata.

Hata hivyo kosa zito zaidi halikuwa kwenye "he". Lilikuwa kwenye neno "mtu" kugeuzwa kuwa "a man". "He" mtu angeweza kuitetea kwa kusema kwamba Kiingereza cha zamani kiliitumia kwa mtu yeyote. Katika sheria zilizotungwa utetezi huo una msingi: Bunge la Uingereza lilipitisha mwaka 1850 sheria ya kufupisha lugha ya sheria zake, ikieleza kwamba maneno ya kiume yatahesabiwa kuwa na wanawake ndani yake, na kanuni hiyo ilirithiwa na sheria zinazoeleza namna ya kusoma sheria nyingine katika nchi nyingi zilizotawaliwa na Mwingereza. Lakini maelezo ya shahidi si sheria. Kifungu cha sheria kinazungumzia yeyote atakayetenda jambo fulani, ilhali shahidi anazungumzia mtu mmoja aliyemwona usiku mmoja. Katika sentensi ya shahidi "he" ni dai kuhusu ukweli, na "a man" ni dai lisiloweza kutetewa kabisa. Mfasiri alikuwa ameongeza ushahidi.

Hatua ya kwanza ya uhakiki ilikuwa kutafuta kama jinsia ya mtu yule imefichwa mahali pengine katika maelezo. Wengi huiruka hatua hii, wakaamua sentensi kwa sentensi. Kiswahili hakiweki jinsia kwenye viwakilishi, lakini kinaiweka kwingine, na mara nyingi ukurasa wa tatu unajibu swali la ukurasa wa kwanza. Nilisoma kurasa zote nikiwa na penseli, nikipigia mstari kila neno linalomhusu aliyebeba dumu au mwenzake. Nilikuta dokezo moja tu. Mwishoni mlinzi alisema: "Wale jamaa wakaondoka na pikipiki, kidogo nikaona moshi unatoka juu ya paa."

Mfasiri wa kwanza, alipoulizwa na wakili, alilishika neno hilo. Jamaa ni wanaume, alisema. Hakuna anayemwita mwanamke jamaa. Hoja hii inastahili kupimwa kwa makini, kwa sababu mitaani ina ukweli ndani yake. Ukisema "kuna jamaa ananidai", wengi watamfikiria mwanamume. Lakini neno lenyewe lina maana ya watu wa kundi au wa ukoo, na "jamaa zangu" huwaingiza shangazi na dada bila mtu kushangaa. Zaidi ya hayo, mlinzi alilitumia kwa wingi, kwa watu wawili pamoja. Hata tukikubali kwamba jamaa wa mitaani huelekea kuwa wa kiume, kundi la watu wawili akiwamo mwanamke mmoja bado lingeitwa "wale jamaa" na yeyote wa Pwani. Kwa hiyo neno hilo linaweza kumfanya msikilizaji akisie, lakini halimruhusu mfasiri kuandika. Niliamua kwamba jinsia ya wote wawili haijulikani, na tafsiri haina budi kuiacha haijulikani.

Maelezo hayohayo yalikuwa na mtu mwingine ambaye jinsia yake ilipatikana, na nataka kumweleza kwa sababu anaonyesha utafutaji unaofanikiwa unakuwaje. Mlinzi alisema: "Riziki, ambaye ndiye anayekaa na funguo, hakuwepo. Alikuwa amekwenda Voi kwenye maziko ya shemeji yake." Riziki ni jina la mwanamume na la mwanamke pia, kama yalivyo Baraka, Amani, Furaha na Zawadi. Kazi ya kukaa na funguo haisemi kitu. Lakini mistari kumi chini, mlinzi anaeleza kwa nini Riziki ana jamaa Voi: "ameolewa huko". Hapo ubishi umekwisha. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, na hakuna Mswahili atakayevichanganya vitenzi hivyo kwa bahati mbaya katika mazungumzo ya kawaida. Riziki akapata "she" kwa haki.

Na jibu hilo likafungua jingine. Kiingereza kinataka kujua kama shemeji aliyefariki ni mwanamume au mwanamke, kwa kuwa kina maneno mawili. Kwa desturi ya Pwani, mwanamke humwita dada wa mumewe, au mke wa kaka yake, wifi. Shemeji humwita ndugu wa kiume wa mumewe au mume wa dada yake. Basi shemeji wa Riziki, baada ya kujua kwamba Riziki ni mwanamke, ni wa kiume kwa uwezekano mkubwa. Nasema uwezekano kwa sababu bara wapo wasiotenganisha maneno hayo kwa ukali huo, na mlinzi hakuwa mtu wa Pwani. Marehemu huyo hakuwa na uzito wowote katika kesi, kwa hiyo niliandika "a relative by marriage", nikaendelea. Si kila fumbo linastahili kufumbuliwa.

Kazi yenyewe ilikuwa kuandika upya zile sentensi za ghalani. Jibu la haraka ambalo wengi wangelitoa siku hizi ni "they" ya mtu mmoja. Siipingi. Waingereza wameitumia kwa mtu asiyejulikana tangu karne ya 14, na ingawa walimu wa sarufi wa baadaye waliikataa, mwongozo wa uandishi wa Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani, toleo la 7 la mwaka 2019, unaikubali waziwazi. Ningekuwa nafasiri kanuni za kazi zenye sentensi kama "Mfanyakazi akichelewa amjulishe msimamizi wake", ningeandika "their supervisor" bila kusita. Hapo hakuna mtu maalumu, na idadi haina maana.

Lakini iweke kwenye sentensi za mlinzi uone. "They did not answer and hurried past me towards the road. Their companion was waiting for them on a motorcycle. They are the ones who shone a torch in my face." Je, waliotoka ghalani ni wangapi? Msomaji aliyeanza na "a person" anaweza kujikumbusha kwamba ni mmoja, lakini wakili anayesoma kipande kimoja cha kumbukumbu miezi sita baadaye hatajikumbusha. Atasema shahidi aliona kundi likitoka. Kisha anaingia mtu wa pili, mwenye pikipiki, na "they" inabeba maana tatu tofauti: aliyebeba dumu, mwenzake, na wote wawili pamoja. Kiswahili hakina mkanganyiko huo hata kidogo, kwa kuwa umoja na wingi viko kwenye kila kitenzi: akanipita, anamsubiri, kuwaona. Mfasiri anayeikimbia "he" kwa kukimbilia "they" anaokoa jinsia akapoteza idadi, na katika kesi hii idadi ilikuwa na uzito uleule. Hicho ndicho kipimo ninachotumia mimi: kama sentensi ina watu zaidi ya mmoja, au kama kuna siku mtu atauliza walikuwa wangapi, "they" ya mtu mmoja haifai.

"He or she" nayo haikufaa. Kwenye fomu au mkataba inapita, lakini mlinzi anayesimulia usiku wa moto hawezi kusema "he or she" mara tano. Isitoshe, inamfanya aonekane kana kwamba alilitafakari suala la jinsia na kuliacha wazi, wakati yeye hakuligusa kabisa.

Kilichobaki ni nomino. Rudia "the person" pale inapohitajika, na panga sentensi ili isihitajike mara nyingi. Rasimu yangu ilifika hapa:

> I saw a person coming out of the store carrying a jerrican. I asked, "Who are you?" The person did not answer but hurried past me towards the road. A companion was waiting for this person on a motorcycle. That was the one who shone a torch in my face, and I could not see them clearly.

"Nikamuuliza" imekuwa "I asked" tu, kwa sababu swali lenyewe linaonyesha aliyeulizwa. "Mwenzake" imepoteza "-ake" na kuwa "a companion", kwa kuwa umiliki unarudi katika maneno yanayofuata. Hapo nilisimama kidogo. Ilikuwa rahisi kuandika "A companion was waiting on a motorcycle" na kuacha "anamsubiri" ipungue. Sentensi ingependeza zaidi. Lakini kiambishi "-m-" ndicho kinachosema kwamba mwenye pikipiki alikuwa akimngoja huyo aliyetoka ghalani, kwamba hao wawili walikuwa na shauri moja. Kukitoa ili kukwepa "him" kungekuwa kuondoa ushahidi, kama vile "a man" ilivyouongeza. Kwa hiyo "for this person" ilibaki, ingawa ni nzito. "Friend" niliiondoa pia. Mwenza si lazima awe rafiki. Na "them" ya mwisho sasa haina shaka, kwa kuwa ndiyo pekee iliyopo, nayo ni wingi wa kweli wa "kuwaona".

Kilichonichukua muda mrefu zaidi ni "yeye" ya pili. Kiswahili kinaweza kusema karibu kila kitu bila "yeye", kwa kuwa kitenzi kimekwisha kumtaja mtu. Inapotokea, ina kazi. Katika "Yeye hakujibu" inamweka mtu yule mkabala na mlinzi: mimi nimeuliza, mwenzangu kanyamaza. Kiingereza kinalimudu hilo kwa "but". Katika "Yeye ndiye aliyenimulika" inamchagua mmoja kati ya wawili. Yupi? Aliye karibu ni mwenzake wa pikipiki, na kwa usomaji wa kawaida ni huyo. Lakini mzungumzaji anayemfikiria mtu wa dumu tangu mwanzo angeweza kusema maneno hayohayo. Tafsiri ya kwanza, kwa "He is the one", iliiacha shaka hiyo bila kujua. Mimi niliandika "That was the one", inayoegemea kwa aliye karibu kama Kiswahili kinavyoegemea, bila kutaja "the companion" kwa jina. Nikaweka maelezo ya mfasiri chini ya ukurasa, sentensi mbili tu: kwamba Kiswahili cha asili hakitaji jinsia ya mtu yeyote kati ya hao wawili, na kwamba "yeye" katika sentensi ya tochi inaelekea kumrejelea mwenye pikipiki lakini hailazimishi hivyo.

Wakili wa mdai aliuliza kwa nini nisimpigie simu tu mlinzi nikamuuliza. Namba ilikuwa kwenye jalada. Nilimweleza kwamba mfasiri akipiga simu hiyo amekuwa mpelelezi, na jibu atakalolipata si sehemu ya maelezo yaliyotiwa sahihi. Swali hilo ni la mawakili, na mahali pake ni kizimbani. Tafsiri mpya ikawasilishwa pamoja na cheti cha mfasiri, na ile ya kwanza ikaondolewa.

Kizimbani mlinzi alizungumza Kiswahili, mkalimani akigeuza. Wakili wa mdaiwa alimuuliza moja kwa moja kama mtu yule alikuwa mwanamume. "Sikutambua. Alikuwa amejitanda shuka kichwani." Mkalimani akasema "I could not tell", na kumbukumbu zikaandikwa hivyo. Ungedhani suala limekwisha, lakini lilirudi kupitia mlango mwingine. Wakili yuleyule aliendelea kuuliza kwa Kiingereza: "When he passed you, how far was he from you?" Mkalimani akageuza kwa usahihi wote: "Alipokupita, alikuwa umbali gani nawe?" Mlinzi akajibu: "Hatua nne hivi." Kwenye kumbukumbu swali lina "he" mara mbili na jibu halipingi. Anayesoma ataona shahidi amekubali kwamba ni mwanamume, na mlinzi hakuisikia jinsia hiyo hata kidogo, kwa sababu iliyeyuka ilipoingia Kiswahili.

Mkalimani yule alikuwa hodari. Angeweza kusema "Huyo mwanamume alipokupita", lakini wakili hakutilia mkazo jinsia, na mlinzi angeanza kubishana juu ya jambo ambalo hakuulizwa. Badala yake aliinua mkono na kuomba ruhusa ya kuzungumza kwa niaba yake mwenyewe kama mkalimani. Akaijulisha mahakama kwamba swali kwa Kiingereza linataja mwanamume, kwamba Kiswahili alichomfikishia shahidi hakitaji, na kwamba jibu lisichukuliwe kuwa limegusa jambo hilo. Jaji alikubali, akaagiza maelezo hayo yaingizwe kwenye kumbukumbu, na akawataka mawakili wa pande zote mbili waseme "that person" hadi shahidi atakapomaliza. Walisahau mara kadhaa, na kila mara mkalimani aliwangoja wajisahihishe kabla ya kufungua kinywa.